Barua ya wazi kwa uongozi wa shule: Mtoto wa Darasa la Tano anabaki nyumbani kwa kumwogopa monita

Kwa Mwalimu Mkuu,
Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Nakala: Afisa Elimu Kata, Afisa Ustawi wa Jamii.

YAH: MWANAFUNZI WA DARASA LA TANO B KUTOHUDHURIA MASOMO KWA SABABU YA HOFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanafunzi mmoja wa Darasa la Tano B hajaonekana shuleni tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Hajatoroka, hana ugonjwa unaomlaza, na kwao hakuna msiba wala safari. Anabaki nyumbani kwa sababu anamwogopa mwenzake wa darasani, na huyo mwenzake ndiye monita. Majina ya watoto wote wawili yamo kwenye bahasha iliyofungwa ambayo Mwalimu Mkuu amekabidhiwa mkononi. Humu hatuyaandiki, na tunaomba anayesoma barua hii asiyatafute: wote wawili ni watoto, na wote wawili wanatakiwa kuendelea kusoma hapo hapo.

Tunaoandika ni wazazi wa mtoto huyo pamoja na wazazi na walezi wengine wa darasa hilo, akiwemo mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya ulinzi wa mtoto ya mtaa. Tumeiweka wazi kwa sababu kinachompa monita nguvu juu ya wenzake ni karatasi ya wapiga kelele, na karatasi hiyo haiko Darasa la Tano B peke yake.

Kwanza tuieleze inavyofanya kazi, maana mwalimu huiona ikiwa imekwisha kuandikwa tu. Mwalimu akitoka darasani, monita anabaki mbele na kipande cha karatasi au chaki. Anayeongea anaandikwa. Akiongea tena, pembeni ya jina lake inawekwa alama ya mara mbili, kisha mara tatu. Mwalimu akirudi anaisoma orodha, walioandikwa wanasimama, na adhabu inatolewa kwa kadiri ya alama: fimbo, kupiga magoti, au kubaki kufagia wenzao wanapoondoka. Hakuna anayeuliza jina limeingiaje. Mwandishi ni mmoja, shahidi ni yeye mwenyewe, na aliyeandikwa akijitetea anaonekana mkaidi.

Basi jina likishakuwa na uzito namna hiyo, linapata bei. Katika darasa hili bei ni shilingi mia tatu. Mtoto wetu hupewa mia tano ya kula mapumziko. Mia tatu inachukuliwa asubuhi, kati ya usafi na paredi, darasani, wakati walimu wakiwa ofisini wanasaini. Mia mbili anaachiwa. Hiyo mia mbili ndiyo iliyotuchelewesha wote kugundua, kwa sababu mtoto anaonekana kwa muuza mihogo kama wenzake, ana kipande mkononi, na mtu mzima akipita haoni kasoro. Siku asiyokuwa na hela, jina lake linaandikwa hata kama hakufungua mdomo. Akikataa kwa kusema atamwambia mwalimu, linaandikwa kwa mara tatu, halafu mapumziko anafuatwa nyuma ya vyoo na kuambiwa kwamba akisema, kesho itakuwa mara tano.

Ndiyo maana swali lililoulizwa na mmoja wa walimu, kwamba mbona huyo monita ni mdogo wa umbo kuliko anayemwogopa, halitufikishi popote. Mwalimu anapima vifua vya watoto. Mtoto anapima fimbo ya mwalimu, ambayo mwenzake ana uwezo wa kuielekeza kwake kwa kalamu tu. Dan Olweus, mtafiti wa Norwei aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni katika miaka ya 1970, aliweka mambo matatu ya kuutofautisha na ugomvi wa kawaida wa watoto: unafanywa kwa makusudi, unarudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa za kujitetea. Hapa yote matatu yapo, na nguvu isiyo sawa imetolewa na shule yenyewe.

Sasa dalili. Tunazieleza kwa urefu kidogo kwa sababu zilionekana muda mrefu kabla mtoto hajagoma, na kwa sababu tunaamini kuna watoto wengine darasani humo wanaozionyesha leo.

Ya kwanza ni chupa ya maji. Chupa ya nusu lita iliyokuwa ikirudi tupu ilianza kurudi imejaa. Mtoto aliacha kunywa maji ili asilazimike kwenda chooni mapumziko, maana nyuma ya vyoo ndiko anakosubiriwa. Akifika nyumbani, kabla hata ya kuvua begi, anakimbilia chooni. Mzazi anaweza kuona jambo hili kila siku kwa miezi na kudhani ni tabia tu. Likiendelea linaleta madhara ya mwili, kwa sababu mtoto asiyekunywa maji na anayebana mkojo kutwa yuko kwenye hatari ya kuugua njia ya mkojo. Kwa hiyo kabla ya kuiita hofu, alipelekwa zahanati akapimwa mkojo, choo na malaria, na vyote vikaonekana salama. Tunamshauri mzazi yeyote aanze hapo, kwani maumivu ya tumbo yanaweza kuwa na sababu zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Ya pili ni kalenda ya maumivu. Tumbo linaanza Jumapili jioni, linazidi Jumatatu alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi, ikishaamuliwa kwamba leo haendi, limepoa. Jumamosi halipo. Wakati wa likizo halikuwepo hata mara moja. Mtu mzima akiiona ratiba hiyo, haraka anasema mtoto anadanganya. Hadanganyi. Hofu hubana tumbo kweli, huleta kichefuchefu kweli, na kitisho kikiondoka mwili hutulia kweli. Anayeigiza ugonjwa hachagui kutapika chai ya saa kumi na mbili kisha akaomba apewe daftari la Hisabati saa nne.

Ya tatu iko mikononi mwenu, na ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote: karatasi zenyewe. Kwa kawaida hutupwa. Tunaomba walimu wa darasa hilo wazitunze kwa majuma mawili, kila moja ikiandikwa tarehe na kipindi, kisha zipangwe mezani na kusomwa pamoja. Kelele za kweli hufuata mahali: watoto wa dawati moja au madawati ya jirani huandikwa pamoja, kwa sababu mtu haongei peke yake. Orodha ya kuuzwa haifuati madawati. Utaona jina moja la dawati la mbele, jingine la dirishani, jingine la mwisho, bila jirani hata mmoja. Utaona majina yasiyotokea kabisa kwa majuma yote mawili, ya watoto ambao mwalimu anajua kwamba ni waongeaji. Na ukitazama siku, utaona majina yanaongezeka Alhamisi na Ijumaa, hela za nyumbani zinapokuwa zimekwisha, na kupungua Jumatatu. Mwalimu akiyaona haya hahitaji mtoto yeyote kusimama na kumtaja mwenzake.

Tukija kwenye daftari la mahudhurio, ombi letu ni dogo lakini lina matokeo makubwa. Mtoto huyu asiandikwe mtoro. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria bila kukosa hadi amalize, na sisi hatukimbii wajibu huo. Barua hii ni sehemu ya kuutimiza. Lakini utoro ni kukosa shule huku nyumbani wakidhani umekwenda. Huyu wazazi wanajua alipo, shule inajua alipo, na yeye mwenyewe anataka kusoma. Akiandikwa mtoro, faili lake litaanza kusomeka kama la mtoto mkorofi, na kila mwalimu atakayemfuata ataanza naye kwa onyo. Aandikwe kwenye ruhusa, na barua hii iwekwe kwenye faili kama maelezo ya ruhusa hiyo.

Hata hivyo hatuombi ruhusa ndefu. Kila asubuhi anayobaki nyumbani inampa nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha mwili wake kwamba kubaki ndiyo dawa. Siku ya kumi ni ngumu kurudi kuliko ya tatu, ingawa monita hajafanya jambo jipya lolote katika hizo siku saba. Kazi za darasani nazo zinajilimbikiza, na hofu ya kuulizwa swali usilolijua inaungana na ile ya kwanza. Kwa sababu hiyo nyumbani anaamshwa saa ile ile, anavaa sare, anakaa mezani saa za vipindi akinakili masomo kutoka kwa jirani wa Darasa la Tano A, na runinga haiwashwi mpaka saa ambayo wenzake wanatoka. Haadhibiwi kwa kubaki, wala hafanyiwi sikukuu.

Ili arudi, kuna mambo matatu tunayoomba, na mpangilio wake una maana.

La kwanza ni kuisitisha orodha. Isitishwe kwa shule nzima, siku moja, kwa tangazo fupi la kawaida kwenye paredi ya Ijumaa: kuanzia Jumatatu mamonita hawaandiki majina, na mamonita wote watabadilishwa kila mwezi. Lisitolewe kwa Darasa la Tano B peke yake, na monita huyu asivuliwe cheo mbele ya wenzake. Mkimvua hadharani, shule nzima itajua kabla ya mapumziko ni nani aliyesema, mtoto wetu atabatizwa jina la mnoko, na deni litadaiwa njiani kurudi nyumbani, ambako hakuna mwalimu. Wote wakibadilishwa kwa utaratibu mmoja, hakuna anayeonyeshwa kidole.

Tunajua jibu litakalokuja: darasa lina watoto karibu tisini, mwalimu mmoja anavuka kutoka chumba hiki kwenda kile, na bila karatasi litakuwa soko. Hoja hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Lakini karatasi haifanyi darasa lisome, inalifanya linyamaze. Kinachopunguza kelele ni kazi. Mwalimu anayetoka aache maswali matano ubaoni, monita akusanye madaftari mwisho wa kipindi bila kumtaja mtu, na mwalimu asahihishe hata kumi tu, aliyoyachomoa bila kuchagua. Watoto hawajui ni kumi yapi. Mwalimu wa chumba cha jirani apite mlangoni mara moja katikati ya kipindi. Kelele hazitakwisha, zitabaki za watoto wanaofanya kazi, na wiki ya kwanza zitakuwa nyingi kuliko ilivyozoeleka. Tunaomba mvumilie wiki hiyo, kwa sababu ndipo shule nyingi hukata tamaa na kurudisha karatasi.

Na hapa itabidi tuseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya walimu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Mwenye mamlaka ya kuitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi. Haizidi viboko vinne. Na kila adhabu inaandikwa katika kitabu, pamoja na jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu. Kumchapa mtoto kwa sababu jina lake limo kwenye karatasi ya mtoto mwenzake hakupiti kwenye hata kimojawapo cha vipengele hivyo. Kanuni hiyo ikifuatwa kama ilivyoandikwa, bei ya jina inashuka hadi sifuri siku hiyo hiyo, kwa sababu monita hana tena kitu cha kuuza.

La pili ni kuzungumza na watoto, kila mmoja peke yake. Mwalimu wa ushauri na unasihi aanze na mtoto wetu, nyumbani au mahali ambapo wanafunzi wengine hawamwoni akiitwa. Asianze na swali la kwa nini, maana mtoto hulisikia kama mashtaka. Ampe karatasi na kumwambia achore shule: geti, darasa, bomba, vyoo, kiwanja, duka la nje. Kisha amwombe aonyeshe anakopita asubuhi na anakokwepa. Mtoto wetu alipochora hivyo nyumbani, aliizungushia duara sehemu ya nyuma ya vyoo, akaacha kiwanja kizima kitupu. Hapo maswali yanakuja yenyewe: hapa mnakuwa wangapi, saa ngapi, nani mwingine anakuwepo, baada ya hapo unakwenda wapi. Majibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe iwekwe.

Baadaye waitwe watoto watano au sita wa darasa hilo, mmoja mmoja, waliochaguliwa kwa mchanganyiko ili isijulikane nani anatafutwa, waulizwe jinsi orodha inavyoandikwa. Monita awe wa mwisho. Akiitwa kwanza, atakuwa na siku nzima ya kuwapanga wengine. Na akiitwa, asiambiwe nani kasema nini. Aambiwe kinachojulikana: kuna hela zinachukuliwa asubuhi kabla ya paredi, kuna majina yanaandikwa kwa watu wasioongea, na jambo hilo limekwisha leo. Kisha aulizwe yeye atafanya nini ili lisirudi, na mwalimu anyamaze mpaka ajibu. Mara nyingi mtoto wa umri huo huanza kwa kukana, halafu hutaja mwingine anayemchukulia yeye. Msilipuuze hilo. Huenda hizo mia tatu zinapanda hadi kwa mwanafunzi wa Darasa la Saba, na huenda huyu naye nyumbani kwao ana mambo yanayohitaji Afisa Ustawi wa Jamii.

Kuna jambo moja tunaomba lisifanyike kabisa, nalo ni kuwasimamisha wawili hao ofisini, wakashikana mikono na kuambiwa wasameheane. Tunajua nia huwa njema, na kwa ugomvi wa mpira uliochomwa mwiba inafaa sana. Kwa jambo hili haifai, kwa sababu mmoja hana kosa la kuombea msamaha. Akiwa amesimama hatua moja kutoka kwa anayemwogopa, mtoto atasema yamekwisha, ofisi itafunga faili, na mwenzake atatoka akijua kwamba hata ofisi ya Mwalimu Mkuu imepita na yeye bado yupo. Wazazi nao wasikutanishwe katika hatua hii. Tunaishi mtaa mmoja na tunachota maji kisima kimoja; wazazi wa monita waitwe na shule peke yao, waelezwe na mwalimu, nasi tutakaa mbali. Mpaka leo hakuna kati yetu aliyekwenda mlangoni kwao wala aliyemsimamisha mtoto wao njiani, na itabaki hivyo.

Vilevile tusihamishiwe mtoto kwenda mkondo A. Pendekezo hilo lilitolewa kwa wema, lakini vyoo ni vile vile, geti ni lile lile, na darasa litasoma ujumbe kwamba anayelalamika ndiye anayeondoka. Kama kuna wa kubadili dawati, awe monita, na ionekane ni mpango wa kawaida wa kubadili viti wa mwezi.

La tatu ni kurudi kwenyewe. Tunapendekeza arudi siku ya Jumatano. Jumatatu ina ukaguzi wa sare, paredi ndefu na siku mbili za kuiwaza nyuma yake. Akianza Jumatano anaziona siku tatu tu mbele, kisha anapumzika. Jumatano hiyo aje na mzazi, apitie moja kwa moja kwa mwalimu mmoja anayemjua kwa jina, na akae karibu na mwalimu huyo katika ile nafasi ya hatari kati ya usafi na paredi. Atahitaji kazi ya kushika: kupanga chaki, kuhesabu madaftari, chochote kinachomfanya awe na sababu ya kuwa hapo. Akikaa bure tu ofisini, wenzake watauliza kwa nini.

Kwa majuma mawili aruhusiwe kwenda chooni wakati wa kipindi, bila kunyoosha mkono na kutangaza. Akiweka rula wima pembeni ya daftari, mwalimu aitikie kwa kichwa, basi. Mapumziko, mwalimu wa zamu asimame mahali anapoona bomba na njia ya vyoo kwa pamoja. Kivuli cha mwembe wanakokaa sasa ni kizuri, lakini ukiwa pale ukuta wa vyoo unaficha njia yote. Hatua kama thelathini kuelekea bomba zinatosha kubadili kila kitu, na hazihitaji bajeti. Wakati wa kutoka, watoto wa mtaa wetu wataondoka kwa kundi, wakubwa na wadogo, kwa mpango ambao wazazi tumekwisha kuuandaa. Hatuombi aruhusiwe mapema kuliko wenzake, maana mtoto anayetoka peke yake dakika kumi kabla ya kengele anajulikana na shule nzima ndani ya siku mbili.

Tahadhari moja inahusu siku za mwanzo. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zitakwenda vizuri kabisa, kwa sababu watu wazima wote watakuwa macho na monita atakuwa anapima upepo. Walimu watapumua, sisi tutapumua, na wiki ya pili mwalimu wa zamu atarudi kwenye mwembe. Hapo ndipo vitisho hurudi, tena kwa sauti ya chini zaidi. Kwa hiyo ufuatiliaji uwekewe tarehe tangu sasa: mwisho wa wiki ya kwanza, mwisho wa wiki ya pili, na baada ya mwezi, mwalimu yule yule akizungumza naye peke yake kwa dakika kumi. Asimuulize kama ameonewa, kwa sababu jibu la swali hilo ni hapana kila siku. Amuulize vitu vidogo vyenye majibu: leo ulikunywa maji saa ngapi, mlicheza wapi, hela ulinunua nini, mwalimu alipotoka nani alikaa mbele. Sisi upande wetu tutaandika kama chupa imerudi tupu au imejaa, na tutawaletea.

Tunajua mpango huu una mipaka. Ukifuatwa wote na bado mtoto anatapika asubuhi baada ya majuma mawili, au akianza kukosa usingizi na kukataa hata kutoka kucheza, tutampeleka hospitali ya wilaya aonane na wataalamu, na tutawaarifu. Na ikiwa ataumizwa mwili, hilo halitasubiri kikao: litakwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa alipo, ndiyo maana nakala imekwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Tumefanya hivyo kwa ajili ya watoto wote wawili. Mzazi mwingine wa shule hii ambaye mtoto wake anapitia jambo kama hili na hajui aanzie wapi anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Tunaomba kikao na Mwalimu Mkuu, mwalimu wa darasa, na mwalimu wa ushauri na unasihi ndani ya wiki hii, siku yoyote baada ya saa nane na nusu mchana, wanafunzi wakiwa wameondoka. Tutakuja wawili tu. Tutakuja na cheti cha zahanati, mchoro wa shule aliouchora mtoto, na maelezo yake yenye tarehe. Kutoka kwenu tunaomba ziwepo karatasi za wapiga kelele zitakazokuwa zimepatikana kufikia siku hiyo, hata kama ni tatu, na kitabu cha kumbukumbu za adhabu. Jambo la kwanza kuamuliwa liwe jina la mwalimu atakayempokea Jumatano, kwa sababu mtoto ameuliza hilo kabla ya kuuliza lolote jingine.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wazazi wa mwanafunzi husika, pamoja na wazazi na walezi wa Darasa la Tano B